Kufuli limefunguliwa, na halijavunjwa

*"Shikamoo fundi. Nina stoo Kibirizi hapa Kigoma, naweka dagaa na chumvi ya Uvinza. Mlango ni wa chuma, komeo limechomelewa, na nilikuwa nafunga kwa kufuli la rangi ya shaba lililoandikwa 50. Wiki iliyopita nimefika alfajiri nikakuta kufuli linaning'inia kwenye pete, liko wazi, zima kabisa, na ufunguo wangu bado unalifungua na kulifunga. Magunia sita hayapo. Ufunguo wa pili anao kijana wangu wa kazi, na watu wote wanasema ni yeye. Wengine wanasema ni dawa. Sasa nataka jingine. Kule Mwanga nimeonyeshwa la 9,000 na la 38,000, yote yana jina lile lile linalosifika, na kwa macho sioni tofauti. Muuzaji mwingine ananiambia nichukue la 70 la bei rahisi kwa sababu ni kubwa. Nichukue lipi? Na nyumbani nina kitasa cha kawaida tu, nacho nibadilishe?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa magunia. Kabla ya duka na kabla ya kijana, nenda kalitafute lile kufuli la zamani. Usiwe umelitupa. Kama bado hujaandikisha polisi, fanya hivyo na uchukue RB, kisha ulikague ukiwa na tochi, kwa sababu kufuli lililofunguliwa bila kuvunjwa mara nyingi hubaki na alama ya namna lilivyofunguliwa.

Ndani ya kufuli mna kazi mbili. Ya kwanza ni ya kuutambua ufunguo. Hiyo inafanywa na silinda, lile duara dogo unaloingizia ufunguo. Ndani yake vimepangwa vipini vidogo, viwili viwili, kimoja juu ya kingine, vikisukumwa na springi. Ukiingiza ufunguo wenye meno sahihi, maungio ya kila jozi yanafika sawasawa kwenye ukingo wa silinda, nayo inazunguka. Ufunguo mwingine unaacha angalau kipini kimoja kikiwa katikati ya ukingo, na silinda inagoma.

Kazi ya pili ni ya kuushika upinde, yaani kile chuma kilichopinda kinachopita kwenye pete. Hii silinda haifanyi. Inafanywa na ulimi mdogo wa chuma unaoingia kwenye kovo lililochongwa kwenye mguu wa upinde. Silinda ikizunguka inauvuta ulimi, upinde unaruka. Watu wakinunua kufuli wanauliza habari za ufunguo: una meno mangapi, unachongeka au hauchongeki. Habari za ulimi hakuna anayeuliza, na kwa maelezo yako nadhani ndiko ulikoibiwa.

Fikiria unavyolifunga lile kufuli lako. Unausukuma upinde kwa kiganja, unasikia "tak", limefunga, na ufunguo uko mfukoni. Raha sana. Lakini maana yake ni kwamba ulimi ule umekatwa mshazari na unasukumwa na springi tu, ndiyo maana upinde wenyewe unaweza kuurudisha nyuma unapoingia. Ikiwa upinde unaurudisha, basi na kipande chembamba cha bati kikipenyezwa kando ya mguu wa upinde kinaweza kuurudisha. Silinda haiguswi, vipini haviguswi, ufunguo hauhusiki. Kufuli linabaki zima na linaendelea kufanya kazi. Hiyo ndiyo dawa wanayoizungumzia majirani zako.

Sasa lifungue kwa ufunguo wako uitazame miguu ya upinde. Angalia kama kovo liko mguu mmoja tu, na kama lina ukingo ulionyooka kama limekatwa kwa msumeno. Hilo ni kufuli la ulimi wa springi. Kisha mulika tundu ambalo mguu huo unaingia, na ubavu wa ndani wa mguu wenyewe. Mikwaruzo myembamba inayong'aa, inayokwenda kwa urefu wa mguu hadi kwenye kovo, ni ya bati. Mikwaruzo ya matumizi ya kawaida huwa imefifia na inazunguka mguu wote. Ukiona ile myembamba, nakusihi usimguse kijana wa watu.

Usipoiona, bado hujapata ushahidi dhidi yake. Makufuli ya bei ya chini mengi yana vipini vinne, na tuseme kila kipini kinaweza kuwa na urefu wa aina tano. Tano mara tano mara tano mara tano ni 625. Hizo ndizo funguo zote zinazowezekana hata kiwanda kikitumia kila mchanganyiko, na viwanda huacha mingi kwa sababu meno yanayofuatana yakipishana sana kina ufunguo haupiti vizuri. Nilipoanza kazi niliwahi kununua boksi zima la makufuli ya jumla kwa ajili ya mteja mwenye vibanda. Mchana nikakuta watoto wanayachezea, na ufunguo wa namba tatu unalifungua la namba nane. Nilirudi kwa aliyeniuzia akaniambia nina bahati ya kuwa na funguo za akiba. Kwa hiyo mtu yeyote pale Kibirizi mwenye kufuli la boksi moja na lako anaweza kuwa na ufunguo wako bila yeye kujua, au akijua. Kama huoni alama yoyote, lipeleke kwa fundi alifungue na kutoa vipini. Silinda iliyochokonolewa kwa waya huwa na michubuko kwenye vipini ambayo ufunguo haufanyi.

Haya, twende dukani. Nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyoharibika.

Anza na ule ulimi, kwa kuwa ndio uliokuponza. Mwambie muuzaji alifungue kufuli uangalie miguu. Unachotafuta ni makovo mawili, moja kila mguu, yaliyochongwa nusu duara kama yamebonyezwa kwa kidole. Ndani ya kufuli la namna hiyo hakuna ulimi wa mshazari. Mna gololi mbili za chuma, na kati yao kipande ambacho silinda inakizungusha. Kikiwa kimefunga, kinazikaza gololi zikae ndani ya makovo na hazina pa kurudi, hata ukipenyeza bati hazisogei. Zinarudi pale tu silinda inapozunguka. Mengi ya aina hii hayatoi ufunguo mpaka uwe umeyafunga, na wateja hulalamikia jambo hilo wakati ndilo linalowalinda. Usitegemee ule mlio wa "tak" peke yake kuamua, maana yapo ya gololi ambayo nayo yanajifunga kwa kusukumwa. Amua kwa makovo. Kama lile la 9,000 lina kovo moja lililonyooka, achana nalo hata likiwa na jina gani, kwa sababu unanunua kufuli lile lile ulilonalo.

Halafu mwili wake. Sumaku haishiki shaba. Ikishika, ulicho nacho mkononi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Hilo lenyewe si dhambi, yapo makufuli mazuri ya mwili wa chuma, dhambi ni kuuziwa kwa jina la shaba. Isiposhika, bado, kwa sababu zinki nayo haishikwi na sumaku. Hapo pima kwa mkono: shaba ni nzito kuliko zinki, ukishika moja kila kiganja, ya ukubwa mmoja, utahisi. Ukikwaruza kidogo chini kwa ncha ya ufunguo, shaba ni njano mpaka ndani, zinki inatoa weupe wa kijivu. Mwili wa zinki unapasuka kwa nyundo. Kisha omba makufuli mengine mawili matatu ya boksi hilo hilo na ujaribu ufunguo wa moja kwenye jingine. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike.

Sasa upinde. Ile 50 kwenye kufuli lako ni upana wa mwili kwa milimita, haisemi chochote juu ya upinde, na ile 70 anayokusifia jamaa ni hivyo hivyo. Mkasi wa kukatia nondo haukati mwili, unakata upinde. Kufuli la 50 la shaba lililo zuri kwa kawaida lina upinde wa milimita 8 hivi, la 60 linafika 10. Tofauti inaonekana ndogo, lakini chuma kinachokatwa ni eneo lote la duara: kutoka 8 kwenda 10 unaongeza zaidi ya nusu ya kilichokuwepo. Kisha makufuli makubwa ya bei rahisi mara nyingi yana upinde mrefu, nafasi tupu inakuwa kubwa, na hiyo ndiyo nafasi ya kuingiza mkasi au mtaimbo. Upinde uliojaa kwenye pete mpaka kidole hakipiti ni bora kuliko mwili mpana.

Unene bila ugumu nao haufai. Chuma cha kawaida, kama cha nondo, kinakatwa na mkasi wa urefu wa mkono bila jasho. Kilichotiwa maji, yaani kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu kisha kikazamishwa ghafla, kinakuwa kigumu kiasi cha kuharibu meno ya mkasi mdogo. Watengenezaji wazuri huongeza boroni, kiasi kidogo mno, sehemu chache za elfu za asilimia moja, na kazi yake ni kufanya ugumu uingie mpaka ndani ya chuma badala ya kuishia kwenye ngozi. Kujua kwa vitendo, tafuta tupa. Isugue kwenye sehemu ya mguu inayofichika ndani ya kufuli. Rangi ya juu itatoka kwanza, usiishangae. Baada ya hapo, tupa ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikiuma na kutoa unga, ni laini. Muuzaji mwenye imani na bidhaa yake atakuruhusu, na asiyekuruhusu, muulize kama atalipokea likirudi.

Utaonyeshwa pia upinde wa stenlesi, tena utaambiwa ndio bora kwa kuwa uko ziwani. Hapo sikubaliani. Stenlesi haishiki kutu, lakini upinde wa namna hiyo kwa kawaida unakatika kirahisi kuliko wa chuma kilichotiwa maji cha unene ule ule. Yale makufuli yametengenezwa kwa ajili ya boti za baharini, ambako kutu inaua kufuli kabla ya mwizi kufika. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, na mlango wa Kibirizi hauna taabu ya mlango wa Dar es Salaam. Tatizo lako ni chumvi ya Uvinza uliyoiweka ndani. Vumbi lake likikutana na unyevu wa masika linakula chuma kama upepo wa bahari. Kwa hiyo nakushauri mwili wa shaba, ambao hauozi na silinda yake haigandi, na upinde wa chuma kigumu uliopakwa kromu, uwe unaufuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila mwezi. Unapoteza kitu, lazima niseme: shaba ni laini kwa drili kuliko chuma. Lakini mwizi wako alikuja na kipande cha bati. Drili ni mwizi wa aina nyingine.

Ndani ya tundu la ufunguo usitie mafuta ya kula wala grisi. Yanashika vumbi na kuwa gundi. Saga risasi ya penseli laini, upake unga wake kwenye ufunguo, uingize na kutoa mara kadhaa.

Kuhusu jina. Solex ya Thailand inajulikana kwetu kiasi kwamba wengine wakisema "nipe Solex" wanamaanisha kufuli tu. Kampuni za Yale na Union zimejijengea heshima kwenye vitasa. Abus ni Wajerumani, wako kazini tangu 1924. Abloy wa Ufini hawatumii kabisa vipini vya springi, wanatumia visahani vinavyozunguka, ubunifu wa 1907, na waya wa kuchokonoa hauna cha kufanya humo, ila bei yake haiendani na magunia ya dagaa. Majina hayo yana sababu ya kusifika. Lakini kampuni moja inatengeneza kufuli la kabati la shule na kufuli la ghala, na yote yana nembo ile ile. Jina halikuambii umeshika lipi. Wala jina halijawahi kuwa kinga: mwaka 1851 kule London, Mmarekani aitwaye Hobbs alilifungua kufuli la Chubb, lililokuwa linaaminiwa mno, kwa dakika kama 25. Na jina lolote linalosifika sokoni huigwa, ndiyo maana unaona 9,000 na 38,000 chini ya nembo moja. Kwenye pakiti tafuta badala yake maandishi EN 12320. Ni kipimo cha Ulaya cha makufuli, wanayavuta, wanayakata, wanayatoboa, kisha wanayapa daraja kuanzia 1 hadi 6. Kwa stoo yako daraja la 3 linatosha, la 4 ni vizuri zaidi. Pakiti nayo inaweza kuigwa, ndiyo sababu nilikwambia uende na sumaku.

Kwa hiyo nichukue msimamo: kufuli la 60, mwili wa shaba, upinde mfupi wa milimita 10 uliotiwa maji, gololi pande zote mbili, vipini vitano au zaidi. Kama lile la 38,000 linapita majaribio haya, lichukue. Likishindwa hata kwenye makovo tu, lirudishe.

Lakini usilitundike bado. Umesema komeo limechomelewa, na sijaliona, ila milango mingi ninayoitwa kutazama ina pete ya nondo ya milimita 8, laini, iliyoshikwa na nukta mbili za welding. Ukitundika hapo upinde wa milimita 10 mgumu, mwizi hataugusa. Atakata pete. Pima unene wa pete kwa rula. Ikiwa nyembamba kuliko upinde, mwite fundi wa kuchomelea aweke kipande cha bamba la milimita 8 au 10 kilichotobolewa tundu la kutosha upinde tu, achomelee pande zote. Akiwa hapo mwonyeshe na bawaba. Zikiwa nje na pini zake zinatoka kwa juu, azichomelee vichwa, la sivyo mlango utafunguliwa upande usio na kufuli.

Na kufuli jipya liwe nyumbani siku hiyo. Mafundi wengi hulitundika wakati wa kuchomelea ili wapate kipimo. Chuma kilichotiwa maji kikipata moto tena, ugumu unarudi nyuma, na upinde ulioulipia unakuwa kama nondo. Ukiona upinde wa kufuli umegeuka rangi ya bluu au kahawia karibu na welding, umeharibiwa tayari. Wapime kwa kufuli la zamani, angalau lifanye kazi moja ya maana, ila tundu lenyewe walitoboe kwa unene wa upinde mpya.

Kuna kitu ambacho hakuna kati ya haya kinachokizuia, nacho ni grainda ya betri. Inakata upinde wowote utakaoumudu, kwa muda mfupi. Inapiga kelele na kurusha cheche, kwa hiyo inamzuia mtu mwenye mlinzi na taa, haimzuii mtu mwenye kufuli zuri gizani. Changieni mlinzi na wenye stoo za jirani.

Kitasa cha nyumbani hakina haraka ile, ila kitazame. Kama ni cha ufunguo mrefu wa meno ya pembeni, ndani mna leva, vibamba ambavyo ufunguo lazima uviinue kila kimoja kwa kimo chake ndipo ulimi upite. Hesabu ngazi za meno ya ufunguo. Kwa kawaida moja ni ya kuusukuma ulimi, zinazobaki ni za leva. Ukibakiwa na mbili, kitasa hicho ni cha mlango wa chumbani, waya uliopindwa unakifungua na ufunguo wa jirani pia huenda ukakifungua. Mlango wa nje uwe na leva tano. Tatu ndizo zinazouzwa zaidi, nazo zinavumilika kama kuna komeo la ndani usiku. Kama ni kitasa cha silinda, pitisha kidole: silinda ikitokeza nje ya bamba zaidi ya milimita 3, inaweza kushikwa na kuvunjwa katikati, pale skrubu inapopita, kwa hiyo tafuta fupi zaidi. Kubadilisha kitasa kwenye mlango wa mbao mwachie fundi afike mwenyewe, kwa sababu tundu jipya likichongwa pana kuliko linavyotakiwa mbao inapasuka kwa teke moja.

Ufunguo wa tatu wa kufuli jipya uweke mbali na stoo. Kama umechongwa namba, usiuache mahali mtu anaweza kuipiga picha. Wa pili, baada ya kuitazama miguu ya lile kufuli la zamani kwa tochi, nadhani utamrudishia kijana wako.